Shati la shule na shati la hoteli: maswali kuhusu kugawa gharama kwa shughuli

Maswali haya nimekuwa nikiulizwa na wenye karakana, na wahasibu wenzangu pia. Karibu yote nayajibu kwa mfano mmoja: karakana ya kushona sare niliyowahi kuifanyia hesabu. Namba nimezilainisha ili zigawanyike vizuri, lakini mambo yalikuwa hivyo hivyo.

Tunazungumzia gharama zipi hasa?

Ukilishika shati mkononi, kuna gharama unaziona: kitambaa, vifungo, uzi, na ujira wa fundi aliyelishona. Hizo hazina ugomvi. Ugomvi uko kwenye zile usizoziona: mshahara wa mkataji anapotayarisha vipimo vya oda mpya, mtu wa stoo anayezunguka madukani kutafuta kitambaa cha rangi fulani, mkaguzi anayerudisha mashati yenye kola iliyopinda, umeme, na matengenezo ya vyerehani. Shati moja haliwezi kudai kwamba umeme wa leo ni wake. Hizi ndizo ninaziita gharama za pamoja, na mbinu mbili, kiwango kimoja na kugawa kwa shughuli, zinagombana juu ya namna ya kuzigawa. Kitambaa na ujira vinabaki vile vile kwa mbinu zote mbili.

Kiwango kimoja kinafanyaje kazi?

Unachukua gharama zote za pamoja, unazigawa kwa kipimo kimoja, mara nyingi saa za kushona, basi umemaliza. Karakana yetu ilikuwa na gharama za pamoja za Sh 30,000,000 kwa miezi mitatu. Ilishona mashati 9,000 ya shule na mashati 1,000 ya hoteli yenye nembo kifuani. Kila shati, la shule au la hoteli, lilichukua nusu saa ya cherehani, kwa hiyo jumla ni saa 5,000. Thelathini milioni kwa saa 5,000 ni Sh 6,000 kwa saa, yaani Sh 3,000 kwa kila shati.

Ukiongeza kitambaa na ujira, ambavyo ni Sh 6,000 kwa shati la shule na Sh 10,500 kwa la hoteli, unapata gharama ya Sh 9,000 na Sh 13,500. La shule liliuzwa Sh 9,500, la hoteli Sh 18,000. Mwenye karakana aliona faida ya Sh 500 huku na Sh 4,500 kule. Si ajabu alikuwa anazikimbilia hoteli na kuziona shule kama mzigo.

Kugawa kwa shughuli kunabadilisha nini?

Kunabadilisha swali. Badala ya kuuliza "shati hili limekaa kwenye cherehani muda gani?", unauliza "ni kazi gani zimefanyika kwa sababu ya shati hili, na mara ngapi?" Gharama za pamoja unazivunja kwenye mafungu kufuatana na shughuli, halafu kila fungu unalipatia kisababishi chake, yaani kile kitu ambacho kikiongezeka, kazi ya fungu hilo nayo inaongezeka.

Nilikaa siku mbili pale karakana. Oda ya hoteli ilipoingia, mkataji aliacha alichokuwa anafanya, akachora vipimo upya, akakata karatasi zake, akatandika kitambaa. Fundi wa kudarizi akabadilisha rangi za nyuzi, akajaribu nembo kwenye kitambaa chakavu mara mbili kabla haijakaa sawa. Mtu wa stoo akatoka kwenda kutafuta vifungo vya rangi ya shaba. Ilikuwa oda ya mashati 30. Oda ya shule iliyofuata ilikuwa ya mashati 600, na maandalizi yake hayakuwa makubwa zaidi, kwa sababu vipimo vilikuwa vimening'inia ukutani tangu mwaka uliotangulia.

Naomba hesabu yenyewe.

Tuliishia na mafungu manne.

| Shughuli | Gharama (Sh) | Kisababishi | Shule | Hoteli | Kiwango (Sh) |
|---|---|---|---|---|---|
| Maandalizi ya oda | 9,000,000 | Mara za kuandaa | 15 | 30 | 200,000 |
| Manunuzi na stoo | 6,000,000 | Idadi ya manunuzi | 20 | 40 | 100,000 |
| Ukaguzi | 3,000,000 | Saa za ukaguzi | 150 | 150 | 10,000 |
| Umeme na matengenezo | 12,000,000 | Saa za cherehani | 4,500 | 500 | 2,400 |

Shule zinabeba 3,000,000 za maandalizi, 2,000,000 za manunuzi, 1,500,000 za ukaguzi na 10,800,000 za mashine. Jumla Sh 17,300,000, sawa na Sh 1,922 kwa shati. Hoteli zinabeba 6,000,000, 4,000,000, 1,500,000 na 1,200,000. Jumla Sh 12,700,000, sawa na Sh 12,700 kwa shati.

Sasa shati la shule linagharimu Sh 7,922 na linaleta faida ya Sh 1,578. La hoteli linagharimu Sh 23,200 na linauzwa kwa hasara ya Sh 5,200. Faida ya karakana nzima haijabadilika hata senti: ilikuwa Sh 9,000,000 na bado ni Sh 9,000,000. Mwanzo ilionekana kila upande umeleta nusu yake, 4,500,000 kwa 4,500,000. Hesabu mpya inasema shule zimeleta 14,200,000 na hoteli zimekula 5,200,000.

Kama unatumia Excel, weka viwango kwenye safu B, matumizi ya bidhaa moja kwenye safu C, na idadi ya mashati kwenye C6:

```
=SUMPRODUCT(B2:B5,C2:C5)/C6
```

Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, jumlisha gharama zilizobebwa na bidhaa zote. Zisipolingana na zile 30,000,000 ulizoanza nazo, kuna fungu umelisahau au umelihesabu mara mbili.

Mbona shati la shule limeshuka kidogo tu, la hoteli likapaa?

Kwa sababu ni fedha zile zile zimehama, ila zimetoka kwenye mashati mengi zikaingia kwenye machache. Kilichohama ni Sh 9,700,000. Kikitolewa kwenye mashati 9,000, kila moja linapungukiwa na Sh 1,078. Kikiwekwa kwenye mashati 1,000, kila moja linaongezewa Sh 9,700.

Hapa ndipo kiwango kimoja kinapojificha vizuri. Ile elfu moja na ushee ya ziada juu ya shati la shule inaonekana kama kosa dogo la makadirio, hakuna anayeshtuka. Lakini ndiyo inayokufanya ushindwe zabuni na jirani anayeuza kwa Sh 9,000, huku ukijiuliza yeye anapata wapi kitambaa cha bei rahisi.

Chanzo cha uhamisho ni kwamba hoteli zilitumia asilimia 10 ya saa za cherehani, lakini theluthi mbili ya maandalizi, theluthi mbili ya manunuzi na nusu ya ukaguzi. Kama zingetumia asilimia 10 ya kila kitu, mbinu zote mbili zingetoa jibu moja. Kadiri mgawanyo wa matumizi unavyoachana na mgawanyo wa saa, ndivyo gharama inavyohama.

Nitajuaje kama kiwango kimoja kinanidanganya, kabla sijaingia kwenye kazi yote hiyo?

Angalia zabuni zako. Ukiona unashindwa kwenye oda kubwa za vitu rahisi na unashinda kwenye oda ndogo za vitu vyenye mbwembwe, tena wateja wa hizo ndogo hawanung'uniki bei hata kidogo, shtuka.

Hali hiyo hiyo ndiyo iliyokikuta kiwanda cha vipuri cha John Deere huko Marekani miaka ya 1980. Kilipopeleka bei kwa vitengo vingine vya kampuni yake chenyewe, kilishinda zaidi kwenye vipuri vya idadi ndogo na kushindwa kwenye vile vya idadi kubwa, ambavyo ndivyo mashine zake zilikuwa zimejengwa kuvitengeneza. Kisa hicho kilifundishwa sana na walimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Robin Cooper na Robert Kaplan, ambao ndio walioieneza mbinu hii.

Dalili nyingine ni ya mdomo. Muulize fundi mkuu ni oda gani inamsumbua zaidi, kisha angalia daftari lako linasema ni bidhaa gani ina faida kubwa. Wakitaja kitu kimoja, kuna mmoja hajui anachosema, na kwa uzoefu wangu si fundi.

Basi niachane na mashati ya hoteli?

Mwenye karakana yetu aliuliza hivyo hivyo, tena kalamu ikiwa mkononi tayari kuyafuta. "Bosi, subiri kwanza," nikamwambia. "Ukiyaacha kesho, mkaguzi utamfukuza?" Akasema hapana, huyo yuko naye miaka. "Na mtu wa stoo?" Akanyamaza.

Tukakaa kupiga hesabu ya kuacha. Mauzo ya Sh 18,000,000 yanaondoka. Kitambaa na ujira wa Sh 10,500,000 vinaondoka pia, kwa sababu mafundi walilipwa kwa shati. Hapo umepoteza Sh 7,500,000. Katika zile gharama za pamoja 12,700,000 zilizobebwa na hoteli, tulikubaliana kwamba zinazoweza kuondoka kweli ni kama 5,000,000: vibarua wa maandalizi, nauli za kutafuta vifaa, sehemu ya umeme. Zilizobaki ni mishahara ya watu wasioondoka na gharama ambazo zipo tu. Faida ingeshuka kutoka 9,000,000 hadi 6,500,000.

Hesabu ya shughuli inakwambia rasilimali zinatumiwa na nani. Haikwambii ni fedha gani zitabaki mfukoni ukiacha. Wanaochanganya haya mawili hufuta bidhaa moja, gharama zake zinamwagikia zilizobaki, nayo ya pili inaonekana ina hasara, wanaifuta nayo.

Nipandishe bei ya shati la hoteli hadi juu ya Sh 23,200?

Hapana, na hili ndilo jibu ninalotaka usome taratibu. Ile Sh 23,200 ni wastani, na wastani huu unaficha kitu. Maandalizi na manunuzi hayasababishwi na shati, yanasababishwa na oda. Ukishona shati la 31 kwenye oda ya 30, mkataji hachori upya.

Hoteli zilileta oda 30, kila moja ikaandaliwa mara moja. Maandalizi na manunuzi yake ni Sh 10,000,000, kwa hiyo kila oda inaanza na mzigo wa karibu Sh 333,000 kabla sindano haijagusa kitambaa. Gharama zinazofuata shati lenyewe ni kitambaa na ujira 10,500, mashine 1,200 na ukaguzi 1,500, jumla Sh 13,200. Kwa bei ya 18,000, kila shati linaacha Sh 4,800 za kulipia ule mzigo wa oda. Gawa 333,000 kwa 4,800, unapata karibu 70.

Oda ya mashati 20 inaacha Sh 96,000 na kuleta hasara ya karibu Sh 237,000. Oda ya mashati 150 inaacha Sh 720,000, na baada ya kulipa mzigo wake inabaki na faida ya karibu Sh 387,000. Bidhaa ni ile ile, na bei ni ile ile. Kwa hiyo kusema shati la hoteli lina hasara ni kusema nusu ya maneno. Lenye hasara ni oda ndogo.

Tulichofanya ni kuweka ada ya maandalizi kwa oda yoyote iliyo chini ya mashati 70, na kuiondoa mteja akifika hapo. Hoteli mbili zilikubali kuagiza mara mbili kwa mwaka badala ya kila mwezi. Moja ilikasirika ikaenda kwa mwingine, na sikumwona mtu wa stoo akisikitika.

Takwimu za shughuli nazipata wapi?

Nyingi unazo tayari. Idadi ya oda iko kwenye daftari la oda, manunuzi yako kwenye faili la risiti. Kinachokosekana kwa kawaida ni muda wa watu wanaofanya kazi zaidi ya moja. Kwa hao, mpe kila mtu karatasi ya wiki mbili ajaze kwa nusu siku: alikuwa anaandaa, anakagua, ananunua, au anasubiri.

Hilo neno "anasubiri" liweke wewe mwenyewe, maana hakuna atakayeliandika kwa hiari. Ukiwauliza watu kwa mdomo wanatumiaje muda wao, majibu daima yanafika asilimia mia moja. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba asilimia ishirini ya siku yake hana kazi. Matokeo yake ni kwamba muda wa kukaa bure unaingizwa kwenye gharama ya shati.

Kosa la pili ni kuchagua kisababishi kwa sababu ni rahisi kuhesabika. Mwanzoni nilihesabu maandalizi kwa mara, kama jedwali linavyoonyesha. Ingekuwa maandalizi ya hoteli yanachukua saa tano na ya shule saa moja, ningekuwa nimekosea vibaya, na ingebidi nitumie saa za maandalizi badala ya mara. Hapa tofauti ilikuwa ndogo, ndiyo maana nikaacha. Pima mara chache kwa saa ya ukutani kabla hujaamua.

Kosa la tatu ni uroho wa mafungu. Nimewahi kukuta hesabu yenye shughuli hamsini na kitu, na aliyeitengeneza alikuwa ameshaondoka. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Manne au sita yanatosha karakana ya ukubwa huu.

Kama watu wangu wa maandalizi hawana kazi ya kutosha, nani abebe gharama hiyo?

Asibebe mteja. Tuseme kikosi cha maandalizi kinaweza kuandaa oda 60 kwa miezi mitatu, lakini zimekuja 45. Gawa 9,000,000 kwa 60, upate Sh 150,000 kwa kila maandalizi. Zilizotumika ni Sh 6,750,000. Zile 2,250,000 zilizobaki ziandike peke yake kama uwezo usiotumika, chini ya jina la mwenye mamlaka ya kuajiri.

Ukigawa kwa 45, msimu mbaya unapandisha gharama ya kila oda. Unapandisha bei, oda zinapungua, gharama inapanda tena. Ningekuwa naifanya kazi ile upya leo, ningeanza na 60.

Kodi ya jengo na mlinzi nazo nizigawe kwa shughuli?

Nimeziacha nje ya mfano kwa makusudi. Mlinzi hakeshi zaidi kwa sababu umeshona mashati ya hoteli, na mwenye nyumba hapandishi kodi kwa kuwa umechukua oda moja zaidi. Kisababishi chochote utakachochagua kitakuwa cha kubuni. Ziondoe kwa mkupuo kwenye faida ya jumla, chini kabisa.

Nikiweka kiwango tofauti kwa kila idara, si inatosha?

Inasaidia pale idara moja inapotumia mashine ghali na nyingine mikono mitupu. Haisaidii kwa tatizo letu. Ukigawa maandalizi kwa saa za cherehani ndani ya idara ya ukataji, bado umesema oda ya mashati 600 inaandaliwa mara ishirini zaidi ya oda ya 30.

Mkaguzi wa hesabu atakubali namba hizi kwenye vitabu?

Kwa thamani ya bidhaa zilizobaki stoo, kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinataka gharama za uzalishaji tu. Gharama za kuuza na za utawala usio wa uzalishaji haziingii. Gharama za pamoja zisizobadilika zinagawanywa kwa uwezo wa kawaida wa uzalishaji, na sehemu isiyotumika inakwenda moja kwa moja kwenye matumizi ya kipindi hicho. Ukigawa kwa shughuli huku ukiheshimu mipaka hiyo, hakuna tatizo. Ila kwa ajili ya kupanga bei wengi hutaka kuingiza hata gharama za kusambaza na kuhudumia wateja, na hapo inakubidi uwe na karatasi mbili. Usizichanganye.

Ni nani asihangaike na mbinu hii?

Anayetengeneza kitu kimoja. Na yule ambaye bidhaa zake zinafanana kwa ukubwa wa oda na usumbufu. Na yule ambaye gharama zake za pamoja ni ndogo ukilinganisha na malighafi: mtu anayekoboa mpunga wa kwake, ambaye sehemu kubwa ya gharama ni mpunga wenyewe, hata akikosea kugawa umeme bei haitatikisika.

Nirudie hesabu mara ngapi?

Viwango, mara moja kwa mwaka, au mshahara na umeme vikibadilika sana. Idadi ya oda na manunuzi, kila mwezi, kwa kuwa kuhesabu ni kazi ya dakika kumi. Na rudia yote siku unaponunua mashine mpya. Karakana ile ilikuja kununua mashine ya kudarizi inayohifadhi nembo za zamani, na maandalizi ya mteja anayerudi yakawa nusu saa tu. Kwa wateja hao ile Sh 200,000 ilikufa, na mstari wa mashati 70 ukafa nayo.